Wastani Uliotoka kwa Ng'ombe

Nina kiburi cha majibu. Wengine wana kiburi cha gari au cha watoto waliosomea ng'ambo. Changu mimi ni kwamba ukiniletea swali la takwimu lililowahi kuulizwa katika chuo chochote hapa Nakuru na viunga vyake, nitakuonyesha jibu lake kwenye kijitabu changu kabla hujamaliza kulisoma. Nilikiandika kwa mkono, mwaka baada ya mwaka, nikipitia past papers, mitihani ya miaka iliyopita, moja moja. Vijana wa duka la fotokopi chini ya chumba changu cha masomo walikijua kuliko Biblia. Walikiita Majibu, basi. Mwanafunzi akishuka ngazi na kusema "nipatie Majibu," hakuulizwa ya nini.

Chumba chenyewe kiko orofa ya pili katikati ya mji. Kina meza mbili ndefu, ubao mweupe wenye doa jekundu la wino ambalo halitoki, na viti ambavyo havifanani. Siku za Jumamosi wanakuja wale wenye mtihani karibu, na asilimia kubwa ya kazi yetu huwa ni chi-square. Watu huiogopa bure. Kwangu ndiyo sehemu ninayoifundisha kwa raha zaidi, kwa sababu ukishaelewa kwamba yote ni kulinganisha kile ulichokiona na kile ambacho ungetarajia kukiona kama dai ni la kweli, kilichobaki ni hesabu ya darasa la sita.

Niliwafundisha hivi. Umepewa jedwali la mashamba: safu tatu za aina ya malisho, nguzo mbili, ng'ombe walioshika mimba na wasioshika. Dai ni kwamba malisho na mimba havihusiani. Kila kisanduku kina hesabu tarajiwa yake: jumla ya safu mara jumla ya nguzo, gawa kwa jumla kuu. Toa, zidisha kwa yenyewe, gawa kwa tarajiwa, jumlisha. Digrii za uhuru ni safu toa moja, mara nguzo toa moja. Hapo ni mbili. Tarajiwa ikishuka chini ya tano, unganisha visanduku vinavyoweza kuungana kwa maana. Jedwali la mbili kwa mbili lenye namba ndogo, achana na chi-square, tumia jaribio la Fisher. Na kama ng'ombe ni wale wale waliopimwa kabla na baada ya dawa, usinidanganye kwamba ni makundi mawili, hao ni jozi, na jozi zina jaribio lao. Nilisema haya yote bila kutazama karatasi, na nilipenda kuonekana nikiyasema bila kutazama karatasi.

Mzee alijiunga nasi mwaka jana, muhula ulipokuwa umebaki wiki tano. Ninamwita mzee kwa heshima. Alikuwa amepita hamsini, mtu wa Dundori, na kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe mbegu na kutibu wale wanaougua katika mashamba ya huko juu. Alikuwa na diploma tangu zamani. Kwa miaka sita alikuwa akisomea digrii wikendi na likizo, na masomo yote alikuwa ameyamaliza isipokuwa moja: takwimu. Alianguka, akafanya supp, ule mtihani wa marudio, akaanguka tena. Chuo kilikuwa kimemwandikia barua kwamba amebakiza nafasi moja. Akianguka, anaondolewa, na miaka sita inakwenda na maji. Alinionyesha barua hiyo siku ya kwanza, akaikunja vizuri na kuirudisha mfukoni, kisha akachagua kiti cha nyuma karibu na dirisha.

Hakuwa mwepesi. Vijana walikuwa wakimaliza swali naye bado anaandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa na kukipigia mstari kwa rula. Mimi si mtu wa subira, na sitajifanya hapa kwamba nilikuwa nayo. Mara mbili tatu nilimwambia asonge mbele, tutamngoja mpaka lini. Aliitikia "sawa, mwalimu," akaendelea kupiga mstari.

Basi Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani tukafika kwenye maswali mawili ambayo ndiyo kiini cha habari hii. Yalikuwa ya miaka miwili iliyofuatana, na jedwali lilikuwa lile lile, kwa maana watahini nao ni watu na uvivu hauwaogopi. Shamba moja kubwa lilihesabu, kwa wiki mia moja, ni ng'ombe wangapi walipata mastaitis, ule ugonjwa wa kiwele, kila wiki. Wiki thelathini na moja hakuna aliyeugua. Wiki ishirini na sita aliugua mmoja, ishirini na moja wawili, kumi na moja watatu, sita wanne, na tano watano. Hakuna wiki iliyozidi watano. Swali: je, hesabu hizi zinafuata mtawanyiko wa Poisson, ule wa matukio yanayotokea kwa bahati tu?

Mwaka wa kwanza swali lilisema "Poisson yenye wastani wa 1.5." Nililifanya ubaoni. Tarajiwa zikatoka 22.31, 33.47, 25.10, 12.55, na mbili za mwisho zikawa ndogo, chini ya tano, kwa hiyo tukaziunganisha kuwa "wanne au zaidi" tukapata 6.56. Visanduku vitano. Chi-square ikawa 8.92. Digrii za uhuru, tano toa moja, nne. Namba ya jedwali la chi-square kwa asilimia tano, ule mpaka ambao ukiuvuka unalikataa dai, ni 9.488. Yetu haijaifikia, kwa hiyo hatuna sababu ya kulikataa dai. Hakuna aliyekuwa na swali.

Mwaka wa pili yale maneno "yenye wastani wa 1.5" hayakuwepo. Ilisemwa tu "Poisson." Unatafuta wastani mwenyewe: ng'ombe wagonjwa wote ni mia moja hamsini, wiki ni mia moja, unapata 1.5 ile ile. Katika Majibu, chini ya swali hilo, nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu: tazama jibu la mwaka uliotangulia.

Mzee akainua mkono. Hakuwa mtu wa kuinua mkono, kwa hiyo hata vijana waligeuka.

"Mwalimu, ule mwaka mwingine walitupatia wastani. Huu tumeutoa kwa hao ng'ombe wenyewe," akasema. "Sasa hao ng'ombe watakataa aje kufanana na kitu imetoka kwao? Si hapo inafaa tukuwe wakali zaidi?"

Ningeweza kufikiri kwa sekunde kumi. Badala yake nilitazama saa, nikatazama maswali yaliyobaki, nikatazama kile kichwa cha habari kilichopigiwa mstari kwa rula.

"Mzee, moja nukta tano ni moja nukta tano," nikamwambia. "Hata ikitoka mbinguni. Nne. Andika nne tuendelee."

Vijana wakacheka. Si kicheko kibaya sana, ni kile cha watu waliochoka, lakini kilikuwa kicheko na mimi ndiye niliyekiita. Mzee akainamisha kichwa akaandika. Kipindi kilipoisha alinishukuru kama kawaida, akashuka ngazi.

Jumapili mchana, nimerudi kutoka kanisani, nimekaa nyumbani kwangu mtaa wa Section 58 na sahani ya chakula mbele yangu, lile swali likarudi. Sikulialika. Nilichukua penseli nikiwa na nia moja, kumthibitishia mzee kwamba amekosea, ingawa hakuwepo. Nikaandika visanduku vitano. Jumla lazima iwe mia moja, hiyo inachukua uhuru mmoja, vimebaki vinne. Halafu nikajiuliza wastani umetoka wapi, na penseli ikasimama. Umetoka kwenye hizo hizo hesabu. Kila kitu unachokikadiria kutoka kwa data kinachukua uhuru wake. Tano toa moja, toa moja tena. Tatu.

Namba ya jedwali kwa digrii tatu ni 7.815. Yetu ilikuwa 8.92. Jedwali lile lile, tarajiwa zile zile, chi-square ile ile hadi nukta ya mwisho, na jibu limegeuka: mwaka wa kwanza hulikatai dai, mwaka wa pili unalikataa.

Kibaya zaidi, nilijua. Nilifungua Majibu kurasa chache mbele, kwenye swali la mtawanyiko wa binomial ambapo uwezekano ulikadiriwa kutoka kwa data, na hapo nilikuwa nimetoa mbili, kwa mwandiko wangu mzuri, na nimepigia duara. Sikukosea kwa kutojua. Nilikosea kwa kuona namba ninazozifahamu na kudhani swali nalifahamu. Ndicho kilema changu hasa, na ndicho nilichokuwa nikiwakataza wengine kila Jumamosi. Nyani haoni kundule.

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Lakini aibu haikuwa habari kubwa. Habari kubwa ilikuwa kwamba mtihani ni Jumanne, na kwamba mtu mwenye nafasi moja iliyobaki duniani alikuwa ameiona njia sahihi peke yake, nami nikamfanya aiache. Nilimpigia simu mara sita. Haikupatikana.

Jumatatu asubuhi nilipanda Dundori. Kule juu kulikuwa na baridi na matope, viazi vimejaa magunia kando ya barabara vikingoja malori. Niliuliza pale wanapokusanyia maziwa kama wanamjua daktari wa ng'ombe mwenye daftari kubwa, wakacheka, wakanielekeza kwa mama mmoja nyuma ya shule. Nilipita kwenye kijia chenye utelezi na viatu vyangu vya mjini, nikafika boma, na hapo ndipo nilipomkuta mwanafunzi wangu. Amevaa glavu ndefu ya plastiki mpaka begani, na mkono wote, wote kabisa, ulikuwa ndani ya ng'ombe.

Nilianza kusema pale pale. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima na niliogopa yatanitoroka.

"Ngoja kwanza, mwalimu," akasema bila kugeuka. "Hii haitaki haraka."

Nikangoja. Mama mwenye boma akaniletea kiti na kikombe cha chai, akasimama kando kunitazama, mwalimu wa mji aliyekuja kumtafuta daktari wake na kumkuta kazini. Ng'ombe alikuwa ametulia kuliko mimi. Mzee alimaliza, akavua glavu, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akaja kukaa juu ya mtungi wa maziwa uliopinduliwa.

Nilimwambia kwamba alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimekosea. Nilimwambia jibu ni tatu, na kwamba nilimjibu vibaya mbele ya watu, na kwamba naomba msamaha. Sijui kuomba msamaha kwa maneno mengi, kwa hiyo yalikuwa hayo tu.

Hakufurahi kama nilivyotarajia. Alifungua mkoba wake akatoa lile daftari, akalifungua kwenye ukurasa wenyewe. Chini ya kichwa kilichopigiwa mstari kulikuwa na namba tatu, imekatwa vizuri kwa rula, na kando yake nne, na kando ya nne ameandika: mwalimu amesema.

"Nilikuwa nimeshakubali," akasema. "Wewe ndio umesoma."

Huo mstari wa rula uliniuma kuliko kama angenitukana. Nilitamani angebishana nami Jumamosi, angegonga meza, angeniita mjinga. Lakini mtu akishaanguka mara mbili hana tena ujasiri wa kuamini akili yake mbele ya mwalimu, na mimi nilikuwa nimeuchukua ule kidogo aliokuwa amebaki nao.

Nikashika kalamu ili nimrekebishie. Akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Usinibadilishie tu namba. Nionyeshe yenye inaniambia lini ni nne na lini ni tatu. Kesho hautakuwa hapo."

Kulikuwa na mitungi mitano ya maziwa pale kwenye boma, imeoshwa na kupangwa ukutani. Nikamwambia tuseme nina lita mia moja za kugawa humo. Mtungi wa kwanza naweka nipendavyo, wa pili, wa tatu, wa nne nipendavyo, mradi nisizidishe. Wa tano sina uchaguzi, nitaweka kilichobaki. Nina uhuru mara nne. Hivyo ndivyo mtu akikupa wastani kutoka nje: kinachokufunga ni jumla peke yake. Lakini kama wastani unautengeneza kutoka kwenye maziwa yale yale, umejifunga mara ya pili. Umekwisha kuvuta kipimo kikae karibu na unachokipima, kwa hiyo tofauti itakayobaki itakuwa ndogo hata kama dai ni la uongo, na ndiyo maana namba ya jedwali nayo inashuka, kutoka 9.488 hadi 7.815. Wewe mwenyewe ulisema tuwe wakali zaidi, nikamwambia. Huko ndiko kuwa mkali.

Aliitazama mitungi, kisha akauliza: na kama wastani wa kupewa na wastani wa ng'ombe ni tofauti? Nikamwambia anatumia ule aliopewa, kwa sababu huo ndio dai linasema, na digrii ni nne. Akauliza: na kama ni Poisson lakini visanduku vimebaki vinne baada ya kuunganisha? Nikamwambia hesabu visanduku baada ya kuunganisha, si kabla. Wakati huu hakukuwa na mtu wa kucheka na sikutazama saa. Alikuwa mwepesi kabisa. Alikuwa mwepesi siku zote, ila hakuwa tayari kuandika kitu ambacho hajakielewa, na mimi nilikuwa nikiuita uzito.

Mwishowe aliandika katikati ya ukurasa, kwa herufi kubwa: WASTANI UMETOKA WAPI? Akaupigia mstari.

Nikiwa njiani kurudi barabarani, nilipopata mtandao, nilituma ujumbe kwa kundi zima la wanafunzi. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo, na nilikuwa na haraka. Niliandika: Majibu yana kosa. Swali la mastaitis ambapo hamjapewa wastani, digrii ni 3 si 4, namba ya jedwali 7.815, kataeni dai. Nikapokea shukrani nyingi na vidole gumba. Nilirudi mjini nikijiona mtu mzuri.

Jumanne jioni simu zikaanza. Wa kwanza alikuwa kijana mmoja aliyezoea kukaa mbele, na alikuwa na uchungu.

"Madam, mastaitis ilikuja, lakini wakarudisha wastani. Imeandikwa kabisa, 1.5. Tumetoka nje ndio mtu anatuonyesha. Wengi wetu tuliandika tatu, tukakataa. Si ulituambia tatu?"

Nilikaa kitandani. Sikuwa nimewadanganya; ujumbe ulisema wazi, ambapo hamjapewa wastani. Ningeweza kujitetea kwa hilo, na kwa dakika kadhaa nilijitetea, kwa sauti ya juu, mpaka kijana akanyamaza. Lakini nilijua wanavyosoma ujumbe wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha kunisoma hivyo. Waliona ng'ombe, waliona thelathini na moja na ishirini na sita, wakachukua namba niliyowapa. Walifanya kile kile nilichokifanya mimi, na kwa swali lile lile. Jumamosi niliwapa nne isiyo na sababu, Jumatatu nikawapa tatu isiyo na sababu, na nikadhani nimerekebisha. Haraka haraka haina baraka, na kweli haikuwa nayo.

Vijana wale walipoteza alama chache, wakapita. Wana miaka ishirini na mbili, watapona. Yule ambaye sikuthubutu kumpigia alikuwa mzee. Niliogopa kwamba kule juu, baada ya msamaha wote ule, alikuwa ameondoka na tatu yangu kichwani.

Alipiga yeye, Jumatano asubuhi. Nyuma yake nilisikia ndoo na mtu akifukuza ndama. Alinisalimia, akaniuliza hali ya nyumbani, akaniuliza kama viatu vilisafishika. Nikamwambia aache viatu, aniambie swali la mastaitis.

"Niliandika nne," akasema. "Walikuwa wametupatia wastani. Nikaacha dai ikae."

Nikamwambia arudie. Akadhani nimekasirika, kwa sababu ndivyo alivyonizoea.

"Niliona ujumbe wako wa kusema tuandike tatu, mwalimu," akasema polepole, kama mtu anayeomba ruhusa. "Lakini safari hii sikukufuata."